Hashtegi Kumi na Saba, Blanketi Sufuri

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mvua ilipiga Nairobi mpaka Mto Mathare ukaacha njia yake na kuingia kwa nyumba za watu. Mimi nakaa juu kidogo, upande ambao maji hayakufika. Asubuhi niliposhuka nilikuta majirani wamejazana kwenye ukumbi wa kanisa, nguo zimelowa, watoto wamefunikwa na mapazia. Mama anayetuuzia chapati alinishika mkono.

"Kijana wangu, wewe si ni mtu wa mitandao? Hebu tuandikie. Kuna watu huko nje wana blanketi."

Niliandika. Nilipiga picha ya ukumbi, nikaweka namba ya simu ya mathe kwa sababu yangu ilikuwa imeisha chaji, halafu nikaanza kuongeza hashtegi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kila hashtegi ni watu zaidi, kwa hivyo hashtegi nyingi ni watu wengi. Nilifika kumi na saba. Baadhi yake ni hizi:

```
#Mathare #Nairobi #Kenya #Floods #Mafuriko #Rain #Help #Viral #Trending
```

Watu walikuja, tena haraka. Wa kwanza alikuwa na kozi ya foreksi. Wa pili aliniahidi odi za uhakika za wikendi. Mmoja akatupia video ya magari ya kifahari yakielea Dubai, ambako mvua kubwa ilikuwa imenyesha wiki moja kabla. Mtu mwingine, mpole kabisa, aliuliza hapo ni sehemu gani ya Rufiji, maana kule Tanzania pia maji yalikuwa yamefurika mwezi huo huo na yeye alikuwa akitafuta habari za ndugu zake. Shabiki wa Mathare United akataka kujua kama uwanja umeharibika.

Halafu simu ya mathe ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya kiofisi alisema ana magodoro thelathini kwenye lori, kilichobaki ni shilingi 450 za mafuta. Mathe akatuma. Namba ile haikupatikana tena.

Blanketi zilikuja siku mbili baadaye kupitia kikundi cha WhatsApp cha kanisa, bila hashtegi hata moja. Mimi nilibaki na deni la shilingi 450, ambalo nililipa, na swali ambalo lilinisumbua kwa muda mrefu: nilikosea wapi? Jibu nililipata nilipoanza kufuatilia alama hii ilitoka wapi.

*

Turudi Finland, mwaka 1988. Jarkko Oikarinen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oulu, alitengeneza mfumo wa watu kupiga gumzo kwa kompyuta, ukaitwa IRC. Ndani yake kulikuwa na vyumba vya mazungumzo, na jina la chumba lilianza na alama ya reli, #. Ukitaka kuingia chumba fulani, unaandika jina lake, na unawakuta waliomo. Shika hilo neno: chumba. Tangu mwanzo alama hii haikuwa spika ya kutangazia mtaa mzima. Ilikuwa kibao cha mlangoni.

Tarehe 23 Agosti 2007, Mmarekani anayeitwa Chris Messina aliichukua alama hiyo akaipeleka Twitter. Wakati huo Twitter ilikuwa mto mmoja tu wa maneno, kila mtu akiandika lake, bila njia ya kukusanya wanaozungumzia jambo moja. Messina akauliza watu wanaonaje wakitumia # kwa ajili ya vikundi. Wengi hawakujali, na ndani ya Twitter kwenyewe wazo lake lilionekana ni la wajuaji wa kompyuta tu.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 2007, moto ulishika vichaka kusini mwa California. Mamia ya maelfu ya watu wakahama makwao. Mkazi mmoja wa San Diego, Nate Ritter, alikuwa akiandika Twitter kila alichosikia: barabara gani imefungwa, moto umefika wapi, makazi gani yana nafasi. Messina alikuwa ameona kwamba kwenye Flickr, mtandao wa picha, watu tayari walikuwa wakiziwekea picha zao lebo ya sandiegofire. Akamshauri Ritter atumie neno hilo hilo na alama mbele yake:

```
#sandiegofire
```

Ritter akakubali, na wengine wakafuata. Hashtegi wakati ule haikuwa hata ya kubonyeza. Twitter ilikuja kuifanya kiungo mwaka 2009. Lakini mtu angeweza kulitafuta neno hilo na kupata habari za moto huo peke yake.

Hebu tuiangalie vizuri, kwa sababu iko na kila kitu ambacho yangu kumi na saba hazikuwa nacho. Kwanza, ni moja. Pili, ina mahali na tukio pamoja. Wangeandika #fire, wangekutana na moto wa dunia nzima, na hata wale wanaosema ngoma fulani ni moto. Wangeandika #sandiego, wangepata watalii na ufuo. Maneno mawili yakishikana, karibu wote wasiohusika wanabaki nje. Tatu, na hili ndilo watu husahau, Messina hakuibuni. Aliikuta ikitumika. Alichagua chumba ambacho tayari kilikuwa na watu ndani.

*

Sasa, je, zikiwa nyingi lakini zimepangwa vizuri? Jaribio hilo pia lilifanywa, tena kwa nia njema kabisa.

Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya Port-au-Prince, Haiti. Kate Starbird, mtafiti kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, na wenzake walikuwa na mpango ulioitwa Tweak the Tweet. Wazo lilikuwa kuigeuza twiti iwe kama fomu ambayo kompyuta inaweza kuisoma na kuipanga. Kila kipande cha habari kingekuwa na hashtegi yake: moja ya tukio, moja ya hitaji, moja ya mahali, moja ya idadi. Ombi lingekuwa la namna hii (mfano huu nimeutunga mimi):

```
#haiti #need maji #num 200 #loc Delmas, karibu na shule
```

Kwa mashine, hii ni safi sana. Kwa binadamu aliyetoka kwenye vifusi akiwa na simu yenye chaji kidogo, ni mtihani. Twiti nzima wakati huo ilikuwa herufi 140, na hizo lebo zilikuwa zinakula nafasi ya maneno. Kilichotokea ni kwamba watu waliokuwa ndani ya msiba hawakuitumia sana. Walioitumia zaidi walikuwa watu wa kujitolea waliokaa mbali, ambao walichukua maombi ya kawaida na kuyaandika upya kwa mtindo huo. Kazi yao ilisaidia, lakini somo lilibaki: kila hashtegi unayoongeza ni mzigo kwa anayeandika na kelele kwa anayesoma. Ikiwa haina mtu maalumu anayeisubiri upande wa pili, ni herufi zilizopotea.

Waliolifanyia kazi somo hilo vizuri zaidi ni Wafilipino. Nchi yao hupigwa na tufani mwaka baada ya mwaka, na tangu 2012 serikali na wananchi walianza kukubaliana juu ya hashtegi chache kabla maji hayajafika. #RescuePH ni ya mtu aliyekwama na anahitaji kuokolewa. #ReliefPH ni ya chakula, nguo na misaada mingine. Ya tatu ni jina la tufani yenyewe likiwa na PH mwishoni, kwa habari za jumla.

Hizo herufi mbili, PH, zinaonekana ndogo, lakini zinafanya kazi kubwa. Chukua tufani ya Desemba 2014. Dunia iliiita Hagupit, lakini Wafilipino huwa wanazipa tufani majina yao wenyewe, na hii waliiita Ruby. Fikiria mtu wa Samar Mashariki, ambako ilitua tarehe 6 Desemba, akiandika #Ruby. Ruby ni kito. Ni jina la dada wengi tu. Tena ni lugha ya kompyuta yenye wafuasi dunia nzima, wanaoandika juu yake kila saa. Ombi la mtu aliye juu ya paa lingeingia katikati ya wauza pete na waandishi wa programu. #RubyPH ilimaliza tatizo hilo kwa herufi mbili. Hakuna muuza pete aliyekuwa na sababu ya kuingia humo.

Na tazama mgawanyo wenyewe. Mwokoaji mwenye boti hahitaji kusoma mijadala ya nani alijenga mtaro vibaya. Anafungua #RescuePH tu. Mwenye gunia la mchele anafungua #ReliefPH. Hashtegi hazikugawanywa kwa mada. Ziligawanywa kwa kuuliza, "Nani atasoma hapa, na atafanya nini akishasoma?" Mwaka 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada, OCHA, ilitoa mapendekezo yanayofuata mkondo huo: moja kwa jina la janga, moja kwa wananchi kuripoti wanachokiona, moja kwa maombi ya dharura. Ni tatu tu kwa janga la nchi nzima, na mimi nilitumia kumi na saba kwa ukumbi mmoja wa kanisa.

*

Mpaka hapa unaweza kudhani hadhira mbaya ni matapeli na watu wa kubeti. Mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata marafiki wanaweza kuwa hadhira mbaya, kama wameingia chumba kisicho chao.

Baada ya polisi wa Minneapolis kumuua George Floyd tarehe 25 Mei, maandamano yalienea Marekani. Waandamanaji walikuwa wakitumia #BlackLivesMatter kupeana habari za kazi: watu wanakutana wapi, polisi wamefunga barabara gani, nani anachangisha pesa za dhamana. Kisha wanawake wawili wa tasnia ya muziki, Jamila Thomas na Brianna Agyemang, wakaomba tasnia hiyo isimamishe shughuli zake Jumanne tarehe 2 Juni. Hashtegi yao ilikuwa #TheShowMustBePaused. Wazo lilivyosambaa likageuka: watu wakaanza kuposti mraba mweusi Instagram na kuuita #BlackoutTuesday. Mamilioni waliposti. Na wengi wao, kwa mapenzi mema, wakaongeza #BlackLivesMatter chini yake.

Asubuhi hiyo, aliyefungua #BlackLivesMatter kutafuta habari alikuta weusi mtupu. Mraba mweusi, mraba mweusi, mraba mweusi, mpaka kidole kichoke. Habari za maana zilikuwa zimezikwa chini yake. Waandaaji wakaanza kuwasihi watu: acha picha yako kama unataka, lakini ifute hiyo hashtegi moja. Hakuna adui aliyefanya hivyo. Ni marafiki waliodandia hashtegi bila kuuliza imeshikilia kazi gani.

Kwa hivyo swali la hadhira lina pande mbili. Upande mmoja ni nani hashtegi hii itamleta kwangu. Upande wa pili ni mimi nitawafanyia nini waliomo humo tayari. Nilipoweka #Mafuriko, nilimpa yule ndugu wa Rufiji matumaini ya dakika mbili kuhusu watu wake. Sikumdhamiria ubaya, lakini nilimpotezea muda siku ambayo hakuwa na muda wa kupoteza.

*

Basi turudi kwenye ukumbi wa kanisa, niiandike upya ile posti kama ningekuwa najua haya.

Naanza na mtu ninayemtaka, kabla hata ya kugusa alama ya reli. Sitaki "watu wengi". Nataka mtu aliye Nairobi leo, mwenye blanketi au mwenye gari, anayeweza kufika Mathare kabla ya usiku. Huyo mtu, akitaka kusaidia, atatafuta nini?

Pili, nayapima maneno yangu. Naandika kila hashtegi kwenye sehemu ya kutafuta, nabonyeza Latest ili nione posti mpya kwanza, halafu nasoma kama ishirini hivi. Naangalia ni akina nani wanaoandika, wako wapi, na ya mwisho iliandikwa lini. #Mathare ina habari za mtaa, lakini imechanganyika na mpira. #Floods ni dunia nzima, Dubai ikiwa mbele. #Mafuriko ni Kiswahili chetu, lakini Kiswahili hakiishii Namanga. #Viral na #Trending hazina mada kabisa. Wanaokaa humo ni wanaosaka macho ya watu, na posti inayoingia huko inaenda kuuza kwa wauzaji.

Tatu, najilinda na kosa la upande wa pili, yaani kubana sana. Ningeweza kubuni #UkumbiWaKanisaMathareJumatano. Haina foreksi, haina Dubai, na pia haina mtu. Hashtegi mpya inafanya kazi kama watu wamekubaliana nayo kabla, kama Wafilipino na #RescuePH. Ukiibuni peke yako katikati ya dharura, umefungua chumba kizuri halafu ukakaa humo na giza.

Kwa hivyo nachagua mbili. Ya kwanza inaunganisha mji na tukio, na nimeshaona watu wa Nairobi wanaitumia leo. Ya pili inaunganisha mtaa na tukio, ni nyembamba zaidi, na inamwambia msomaji kwamba hili ni letu la hapa. Mbili pia ndiyo idadi ambayo Twitter wenyewe kwa miaka mingi walishauri isizidishwe kwa twiti moja. Instagram iliruhusu hadi thelathini, lakini mwaka 2021 hata wao walikuwa wanashauri tatu hadi tano.

Mambo mengine yote nayatoa kwenye hashtegi na kuyarudisha kwenye sentensi, mahali yanapostahili:

```
Watu 40, watoto 11, wako ukumbi wa kanisa karibu na daraja, Mathare.
Tunahitaji blanketi 25 na maji ya kunywa leo kabla ya saa 12 jioni.
Njoo mwenyewe au nitumie ujumbe hapa. Hatuombi pesa.
#NairobiFloods #MathareFloods
```

Utaona namba ya mathe haipo. Katika chumba chochote cha umma namba ya simu inasomwa na kila anayeingia, na kwenye vyumba vyenye jina kubwa mtapeli hufika kabla ya msamaria. Hata nikiwa na hashtegi mbili safi, sitaiweka. Utaona pia idadi na saa. Bila saa, posti itaendelea kuzunguka wiki nzima, na watu wataleta blanketi kwenye ukumbi mtupu.

Kuna jambo dogo la Kiswahili na majina yetu pia. Kama mafuriko yangekuwa Lang'ata, ningelazimika kuandika #Langata. Hashtegi hukatika inapokutana na alama ile ya juu, kwa hivyo #Lang'ata inageuka #Lang, na hapo sijui utakutana na nani. Nafasi nayo hukata, ndiyo maana maneno hushikanishwa, na herufi kubwa zinasaidia jicho kuona neno jipya linaanzia wapi.

Je, posti hii ingeleta blanketi kwa uhakika? Hapana. Hashtegi haigawi msaada, na hapa kwetu mwaka ule hapakuwa na hashtegi ya uokoaji ambayo kila mtu aliijua na ambayo ofisi fulani iliahidi kuisoma. Kile kikundi cha WhatsApp cha kanisa kilitushinda sote kwa sababu moja: kila aliyekuwemo alijua ukumbi uko wapi. Kilikuwa chumba sahihi. Ningeanzia hapo.

Mvua za masika mwaka uliofuata zilipokaribia, nilipita kwa mathe kuchukua chapati. Aliniangalia nikichezea simu, akacheka.

"Kijana wangu, ukiniandika tena, niandike mahali pamoja tu."